Picha na fonti kwenye tovuti yako: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Tunatengeneza tovuti za biashara ndogo hapa Nairobi: hoteli, saluni, zahanati, kampuni za utalii. Maswali ya picha na fonti hayakosi wiki, na mengi huja yakiwa yamechelewa, barua ya madai ikiwa tayari imefika. Ndiyo maana nimeyajibu hapa kwa urefu. Mengi nitayaeleza kupitia kazi moja, ya kampuni ya utalii ya Westlands iliyotuletea tovuti yake baada ya kupokea barua kutoka Ulaya. Mwenyewe ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Tovuti hiyo ilikuwa na picha 63 na fonti tatu, na tulizipitia zote moja baada ya nyingine.

Picha niliitoa Google. Si iko wazi kwa kila mtu?

Google inakuonyesha tu picha ilipo, kama mtu anayekuelekeza dukani. Kuelekezwa dukani si kupewa bidhaa. Picha ina mwenyewe tangu ilipopigwa, hata kama haina alama ya ©, hata kama haina jina chini yake, hata kama mpigaji hajawahi kusikia habari za Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO. Kusajili picha huko kunakupa ushahidi, lakini haki yenyewe haitokani na usajili.

Uraia wa mpigaji nao haubadilishi kitu. Kenya iko ndani ya Mkataba wa Berne tangu 1993, kwa hiyo picha ya Mjerumani aliyepiga nyumbu wakivuka Mto Mara inalindwa hapa chini ya Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001, na yako wewe inalindwa kwao.

Wengi huandika chini ya picha "kwa hisani ya Google" au "picha: mtandaoni" wakiamini wamejikinga. Maneno hayo hayakupi ruhusa yoyote. Yanachofanya ni kumthibitishia mwenye picha kwamba ulijua si yako. Kuikata pembeni, kuigeuza iwe ya rangi moja au kuifuta chapa ya maji pia hakuifanyi iwe yako, na hilo la kufuta chapa ndilo linalomkasirisha mwenyewe kuliko yote.

Ukitaka kutafuta kwa njia halali kwenye Google, bonyeza `Tools`, kisha `Usage Rights`, uchague `Creative Commons licenses`. Hata hapo, fungua ukurasa picha ilikotoka usome leseni kwa macho yako. Google inarudia tu kile ambacho ukurasa ule umejitangazia.

Nimeilipia picha ya stoki. Si sasa ni yangu?

Picha ya stoki huuzwa mtandaoni kwa yeyote anayeitaka. Ulicholipia ni ruhusa, na ruhusa ina mipaka. Neno linalowapoteza watu ni `Royalty-free`. Wanalisoma kama "ya bure". Maana yake ni kwamba ukishalipa mara moja hudaiwi tena kila unapoitumia, mradi unaitumia ndani ya masharti.

Kwa tovuti ya kawaida, leseni ya chini kabisa hutosha. Shida huanza picha inapotoka kwenye tovuti ikaenda kwingine. Leseni ya kawaida ya Shutterstock, kwa mfano, inakuruhusu kuchapisha hadi nakala 500,000 za brosha au tangazo, lakini ukiweka picha hiyohiyo kwenye fulana au kikombe cha kuuza unahitaji leseni ya juu, inayoitwa `Enhanced`. Na nembo ya biashara usiitengeneze kwa picha au mchoro wa stoki kabisa. Kampuni kubwa za stoki zinakataza, na sababu yake inaeleweka: mchoro uleule wa simba unaweza kuuzwa kesho kwa mshindani wako wa Mombasa Road. Nembo ni kitu unachotaka kiwe chako peke yako.

Kuna maandishi mengine madogo ambayo lazima uyatazame kabla ya kulipa: `Editorial Use Only`. Picha yenye maneno hayo ni ya kuelezea habari au kufundisha. Haifai kuuzia kitu, kwa sababu watu au nembo zinazoonekana ndani yake hawakusaini kibali cha kutumika kwenye biashara. Ile kampuni ya Westlands ilikuwa na safari ya kwenda Iten, na juu ya kitufe cha "Weka nafasi" iliwekwa picha ya mwanariadha akiwa mbioni, nembo ya mdhamini ikionekana kifuani. Ilikuwa imelipiwa. Lakini ilikuwa ya habari tu, na pale ilikuwa inauza safari. Tuliitoa siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho hapa ni akaunti. Fundi wa kwanza wa tovuti ile alinunua picha kwa akaunti yake mwenyewe, akazitumia kwa wateja kadhaa. Masharti ya kawaida humruhusu fundi kumnunulia mteja, ila kila mteja anunuliwe leseni yake. Halafu fundi yule akabadilisha namba ya simu. Mteja akabaki na picha 18 asizoweza kuonyesha hata risiti moja. Siku hizi tunamwambia kila mteja afungue akaunti kwa barua pepe ya kampuni yake, sisi tuchague picha, yeye abonyeze kununua.

Na picha za bure za Unsplash, Pexels au Pixabay?

Tunazitumia, na hakuna ubaya. Zote tatu zinakuruhusu kutumia picha kwenye biashara bila kulipa na bila kulazimika kumtaja mpigaji, ingawa kumtaja ni uungwana na sisi humtaja. Usichoruhusiwa ni kuziuza zilivyo au kuzikusanya ili ufungue duka la picha la kushindana nao. Kwenye Unsplash angalia pia kama picha ina alama ya `Unsplash+`, kwa maana hizo ni za kulipia na masharti yake ni tofauti.

Kuna hatari mbili ambazo watu hawazioni. Kwanza, aliyepakia picha anaweza kuwa si mwenyewe. Tovuti hizi humwamini anayepakia, na mwizi naye anaweza kupakia. Ukiona akaunti ina picha tano tu, kila moja ya mtindo wake na kamera yake, achana nayo. Pili, ruhusa ya mpigaji ni ya mpigaji tu. Haikupi ruhusa ya mtu anayeonekana usoni wala ya nembo iliyo kwenye fulana yake. Picha ya mama akitabasamu inafaa ukurasa wa mkahawa. Ukiiweka kwenye ukurasa wa zahanati chini ya maneno "Ninaishi na kisukari", umemsingizia mtu ugonjwa. Pexels wanasema wazi kwamba mtu anayetambulika asionyeshwe kwa namna ya kumdhalilisha. Hata wasingesema, ni makosa.

Siku ya kupakua, piga skrinshoti ya ukurasa wa picha ukionyesha leseni, kiungo na tarehe. Leseni hubadilika. Unsplash ilikuwa chini ya CC0, yaani mwenyewe ameachia haki zote, hadi 2017, Pixabay hadi 2019, kisha zote mbili zikaandika leseni zao wenyewe. Mpigaji naye anaweza kuifuta picha kesho, ukabaki huna pa kuonyesha ulikoitoa.

Picha imeandikwa CC BY-SA. Nifanye nini?

Hiyo ni leseni ya Creative Commons, na herufi zake ndizo masharti. `BY` inataka umtaje mwenyewe. `SA` inataka ukiibadilisha na kuitoa tena, uitoe kwa leseni ileile. `NC` inakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo kwa tovuti ya kampuni iruke moja kwa moja. `ND` inakataza kuibadilisha. Picha nyingi za wanyama na miji kwenye Wikimedia Commons ziko chini ya `BY` au `BY-SA`, na ni nzuri sana, hasa unapotaka mahali halisi: Karura, jengo la KICC, Ziwa Nakuru.

Kumtaja kunataka mambo manne: jina la picha kama lipo, jina la mpigaji, kiungo cha ilikotoka, na jina la leseni pamoja na kiungo chake. Ukiwa umeikata, sema umeikata. Sisi huandika hivi, chini ya picha yenyewe:

```html
<figcaption>
  Picha: <a href="KIUNGO-CHA-PICHA">Nyumbu Mto Mara</a>,
  ya JINA LA MPIGAJI,
  <a href="https://creativecommons.org/licenses/by-sa/4.0/">CC BY-SA 4.0</a>.
  Imekatwa pembeni.
</figcaption>
```

Angalia sana namba ya toleo. Leseni za 4.0 zinakupa siku 30 za kurekebisha kosa tangu ulipoligundua, na ukirekebisha ruhusa yako inarudi. Matoleo ya nyuma, 2.0 na 3.0, hayana huruma hiyo. Ukisahau kumtaja mwenyewe, ruhusa inakatika papo hapo. Wapo wanaopakia picha chini ya matoleo hayo ya zamani, kisha wanazunguka wakitafuta waliosahau jina ili wawadai. Kwa hiyo picha ya toleo la zamani aidha uitaje kwa ukamilifu au usiiguse.

Templeti niliyonunua ilikuja na picha zake. Hizo je?

Aghalabu ni za maonyesho tu. Uliponunua templeti ulinunua msimbo na mpangilio. Soma faili ya maelezo iliyokuja nayo. Mara nyingi imeandikwa kwamba picha hazimo kwenye leseni. Zibadilishe zote kabla tovuti haijaenda hewani.

Nilimlipa mpiga picha. Zile picha ni zangu au zake?

Hapa sheria ya Kenya ina jibu ambalo wengi hawalitarajii, wapiga picha wakiwemo. Kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mpigaji, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo kabla ya kubishana, tafuta makubaliano yenu: mkataba, ankara, hata ujumbe wa WhatsApp. Mpigaji makini huandika kwenye ankara yake kwamba haki zinabaki kwake na wewe unapata leseni ya kutumia. Likiwepo hilo, ndilo linalotawala.

Tatizo huja kukiwa na mtu katikati. Kwenye kazi ya Westlands, picha 22 zilipigwa na kijana wa Nakuru, lakini aliyemwagiza na kumlipa ni yule fundi wa kwanza. Kwa hiyo swali likawa: aliyeagiza ni nani, kampuni au fundi? Mwenye kampuni alikuwa na hakika ni zake kwa sababu gari kwenye picha ni lake. Nilimweleza kwamba gari ni lake, ila picha ya gari ni jambo jingine. Tuliwatafuta wote wawili. Kijana wa Nakuru alikuwa mwungwana, na akasaini karatasi ya nusu ukurasa: picha gani (tuliorodhesha majina ya faili zote 22), anahamisha hakimiliki kwa nani, tarehe, sahihi. Fundi alipopatikana naye akasaini ya kwake. Kuhamisha hakimiliki kwa mdomo hakutoshi. Sheria inataka iwe kwa maandishi na sahihi ya anayehamisha. Leseni ya kawaida ya kutumia, isiyomzuia mwenyewe kuwapa wengine, inaweza kuwa ya mdomo, lakini siku ya ubishi mdomo hauonekani.

Hata haki zikihamia kwako, mpigaji anabaki na haki ya kutambuliwa kama mpigaji na ya kukataa kazi yake ipotoshwe. Kwa hiyo jina lake liweke mahali.

Watu waliomo kwenye picha wana haki gani?

Wana haki yao, na haihusiani na hakimiliki hata kidogo. Unaweza kuwa umepiga picha mwenyewe, hakimiliki yote ni yako, na bado huna ruhusa ya kuitumia kwa tangazo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uso wa mtu anayetambulika ni data yake binafsi. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alizitoza faini klabu moja ya burudani hapa Nairobi, shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na shule moja, shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Kwa wageni wa safari tulitengeneza fomu ya mistari sita inayosainiwa siku ya kwanza, pale wanapojaza fomu nyingine: picha zitatumika wapi, kwa kazi gani, na jinsi ya kuomba iondolewe. Mgeni akikataa, dereva anaambiwa. Watoto hawapigwi mpaka mzazi asaini.

Fonti nayo ina mwenyewe? Ni herufi tu!

Herufi A haina mwenyewe. Faili inayoichora ina mwenyewe. Fonti ni programu ndogo, na inakuja na leseni kama programu yoyote. Kitu cha kuelewa ni kwamba leseni za fonti hugawanywa kwa matumizi. Ile ya kompyuta inakuruhusu kuiweka kwenye mashine yako na kutengenezea brosha, tangazo au picha ya nembo. Ile ya wavuti inakuruhusu kuipakia kwenye seva ili kila anayefungua tovuti aipakue bila yeye kujua. Hizo ni ruhusa mbili, na ya pili mara nyingi hupimwa kwa idadi ya kurasa zinazofunguliwa kwa mwezi. Leseni ya programu za simu ni ya tatu.

Kuna njia rahisi ya kuona fonti zinazopakiwa na tovuti yako. Fungua tovuti kwenye kivinjari cha Chrome, bonyeza Ctrl+Shift+I, nenda `Network`, chagua `Font`, kisha ufungue ukurasa upya. Kila faili itajitokeza kwa jina na mahali inakotoka. Kwa kampuni ya Westlands zilijitokeza tatu, na kila moja ilikuwa na hadithi yake.

Ya kwanza ilikuwa Calibri. Mtu aliitoa kwenye folda ya fonti za Windows akaipakia kwenye seva. Kuwa na Windows halali hakukupi ruhusa hiyo. Kutaja tu jina la Calibri kwenye msimbo hakuna shida, kwa sababu kompyuta ya mgeni ndiyo itakayoitoa kama inayo. Kosa ni kuisambaza faili. Tuliweka Carlito badala yake, ambayo imetengenezwa ikiwa na vipimo vilevile vya Calibri, kwa hiyo hakuna mstari uliosogea, na iko chini ya leseni huria.

Ya pili ilikuwa fonti ya mwandiko wa mkono iliyopakuliwa kwenye tovuti ya fonti za bure, iliyotumika kwa kichwa na kwa nembo. Ndani ya zipu kulikuwa na faili ya maandishi ambayo hakuna aliyeifungua, ikisema `Free for personal use`. Bure kwa matumizi binafsi, yaani kadi ya harusi ya dada yako. Kampuni inayouza safari si matumizi binafsi. Nembo ilikuwa imeshachapishwa kwenye magari manne, kwa hiyo kuibadilisha kungekuwa ghali kuliko kulipa. Tulimwandikia mchoraji wa fonti, tukamweleza ukweli, naye akatuuzia leseni ya biashara kwa bei ya kawaida. Kwenye tovuti tuliigeuza nembo kuwa mchoro wa SVG, herufi zikiwa mistari tu, na faili ya fonti tukaifuta kwenye seva. Hivyo hatukuhitaji leseni ya wavuti.

Ya tatu ilikuwa Lora, kutoka Google Fonts. Hii ni halali kabisa. Iko chini ya `SIL Open Font License`, leseni inayokuruhusu kuitumia kwa biashara, kuipakia na hata kuibadilisha. Usichoweza ni kuiuza faili peke yake, na ukiibadilisha lazima toleo lako libaki chini ya leseni hiyohiyo. Lakini ilikuwa inavutwa moja kwa moja kutoka seva za Google, na hapo pana jambo kwa mwenye wateja wa Ulaya. Tarehe 20 Januari 2022 mahakama ya Munich iliamua kwamba mwenye tovuti alivunja faragha ya mgeni kwa kuruhusu anwani yake ya IP ifike Google kupitia fonti bila idhini, akaamriwa alipe euro 100. Hilo ni suala la data, si hakimiliki, na dawa yake ni nyepesi. Tulipakua fonti, tukaiweka kwenye seva ya mteja pamoja na faili yake ya `OFL.txt`:

```css
@font-face {
  font-family: "Lora";
  src: url("/fonti/lora.woff2") format("woff2");
}
```

Nimepata barua ya kudai pesa kwa picha. Nifute niendelee?

Futa, lakini usidhani yameisha. Kuiondoa leo hakufuti miaka ambayo ilikuwa hapo, na barua kama hizo huja zikiwa na skrinshoti. Pia hakikisha umeifuta kweli. Kwenye WordPress, kuiondoa picha kwenye ukurasa kunaiacha faili kwenye `wp-content/uploads`, pamoja na nakala zake za vipimo vidogo, na kiungo cha zamani kinaendelea kuifungua. Ile ya Westlands "ilifutwa" kwa namna hiyo, barua ya pili ikaja ikiwa na kiungo kinachofanya kazi. Ifute kwenye `Media Library`, kisha usafishe kache.

Kabla ya kufuta, hifadhi ushahidi wako: skrinshoti, tarehe picha ilipopakiwa, na aliyeipakia. Baada ya hapo jibu swali la kwanza: je, barua ni ya kweli? Matapeli wapo. Usibonyeze viungo vilivyomo. Tafuta kampuni hiyo mwenyewe, waandikie kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, uwaombe vitu viwili: uthibitisho kwamba picha ni ya mteja wao, na uthibitisho kwamba wamepewa mamlaka ya kudai. Kampuni halali inavyo. Wakati huo tafuta risiti zako, maana pengine picha ililipiwa kupitia akaunti ya fundi.

Kama huna leseni, kubaliana na ukweli huo mapema na uhamie kwenye bei. Sheria yetu inampa mwenye picha nafasi ya kuchagua, badala ya fidia, alipwe kiasi ambacho mtu angelipia leseni kihalali. Hiyo ndiyo mizani ya kutumia. Barua ya Westlands ilidai euro 620 kwa picha moja ya nyumbu. Tuliingia kwenye tovuti ya wakala yuleyule aliyedai, tukatafuta picha ileile, tukachagua matumizi yaleyale: tovuti, kampuni ndogo, miaka miwili. Bei ikatoka euro 150. Tukawatumia skrinshoti hiyo, tarehe ya kupakiwa, na maelezo ya nani aliiweka. Tukapendekeza euro 200. Wakarudi na 240, mteja akalipa, lakini baada ya kupata karatasi inayosema dai limefungwa kwa kipindi chote cha nyuma. Usilipe bila karatasi hiyo.

"Lakini kaka, si mimi niliyeiweka," mwenye kampuni aliniambia zaidi ya mara moja. Nilimwelewa. Hata hivyo tovuti ni yake, na anayedai anamjua yeye. Kumrudia fundi ni kesi yake nyingine, na inahitaji mkataba unaosema fundi atawajibika kwa picha anazoleta. Mkataba huo haukuwepo. Dai likiwa kubwa, au likiwa limefika mahakamani, usijibu peke yako. Tafuta wakili wa hakimiliki.

Nitaikaguaje tovuti yangu mwenyewe?

Tengeneza jedwali lenye safu tano: jina la faili, ilikotoka, leseni, tarehe, na mahali ushahidi ulipo. Jaza unazozijua kwanza. Kwa Westlands, 22 zilikuwa za kijana wa Nakuru, 18 za stoki, 14 za tovuti za bure. Zikabaki tisa zisizojulikana, na ile ya nyumbu ilikuwa mojawapo.

Kwa zisizojulikana, anza kwa kutazama kama faili imebeba jina la mwenyewe. Kuna programu ya bure iitwayo ExifTool:

```
exiftool -Creator -Copyright -UsageTerms picha.jpg
```

Picha mbili zilitoa jina papo hapo. Faili ikiwa tupu haimaanishi kwamba haina mwenyewe, kwa sababu WhatsApp na mitandao mingi huondoa maelezo hayo njiani. Zilizobaki zipitishe kwenye Google Lens na TinEye. TinEye hukuruhusu kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi, au kuanzia yenye ukubwa zaidi, na mara nyingi ukurasa wa kwanza kabisa ndio wa mwenyewe. Saba tuliwapata wenyewe. Mbili hatukuwapata, na hizo tulizifuta bila mjadala, hata moja iliyokuwa nzuri kuliko zote, ya twiga na mvua nyuma yake.

Na mimi je, picha zangu zikiibwa?

Hifadhi faili asili kutoka kwenye kamera, kabla ya kuhaririwa. Mwizi hana hiyo. Kwa picha unazozitegemea kibiashara, zisajili kwa KECOBO kupitia National Rights Registry, ili siku ya ubishi uwe na cheti. Ukiiona picha yako kwingine, piga skrinshoti yenye anwani na tarehe, kisha mwandikie mwenye tovuti kwa adabu, ukimpa bei ya leseni na siku za kujibu. Wengi hulipa au huondoa. Akikaa kimya, mabadiliko ya sheria ya 2019 yanakuruhusu kupeleka notisi ya maandishi kwa mtoa huduma anayehifadhi tovuti hiyo, ukieleza picha ni ipi, iko kwenye kiungo kipi na kwa nini ni yako, ili aiondoe. Yule kijana wa Nakuru alifanya hivyo kwa picha zake nyingine, alizozikuta kwenye tovuti ya nyumba za wageni. Faili asili ndizo alizoambatisha.